Herufi Zilizobaki Langoni

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mwalimu Epifania alichukua fagio la njiti akaenda langoni kufagia herufi. Zilikuwa A tupu, nyingine kubwa, nyingi ndogo, zimelala kwenye tope kati ya ua wa mimea ya masale upande wa kulia na ule wa kushoto. Zikikauka zilikuwa nyepesi, na kuku hawakuzitaka. Alizizoa akazitupa shimoni pamoja na maganda ya ndizi.

Zilianza kuanguka baada ya kikao cha ukoo. Mumewe, Mathayo, alifariki masika, akazikwa ndani ya kihamba, shamba lililozunguka nyumba yao, pale mibuni inapopakana na migomba. Matanga yalipokwisha, wanaume wa ukoo walikaa uani na debe la mbege, pombe ya ndizi, na Valerian, mdogo wa marehemu, akasema kwa upole kwamba kaka yake hakuacha kijana wa kiume. Mabinti watatu wameolewa au wataolewa. Kwa hiyo kihamba kinarudi kwa ukoo, na ukoo ni yeye. Mtu mmoja akauliza kama shemeji naye hastahili kusikilizwa kidogo. Wakajibu kwamba mwanamke hana neno kwenye kihamba, wakapitisha kata ya mbege.

Epifania alisikia yote akiwa jikoni, anamenya ndizi za mtori wao. Iliuma, na aliendelea kumenya.

Wiki haikuisha kabla ya kujulikana kwamba Valerian amepata mnunuzi kutoka Arusha, mtu wa soko huria, anayetaka kung'oa mibuni ajenge gesti yenye baa. Kahawa haikuwa na maana tena, kila mtu alisema hivyo, na wengi walikuwa wameshaing'oa wakapanda nyanya. Kuhusu kaburi, mnunuzi alisema litafunikwa na maegesho, ila kwa heshima.

Epifania aliandika malalamiko kwa baraza la kata. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja na mwandiko wake ulisifiwa tarafa nzima. Aliandika: *Mimi ni mjane. Kihamba ni changu na binti zangu.* Akaikunja karatasi, akavuka lango, akashuka na barabara ya vumbi hadi ofisi ya kata. Karani alikuwa Basili, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alimwamkia shikamoo, akafungua karatasi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, herufi zimedondoka," alisema.

Karatasi ilisomeka: *Mimi ni mj ne. Kih mb  ni ch ngu n  binti z ngu.*

"Zimebaki langoni kwangu," alisema Epifania. "Nilihisi kitu miguuni."

"Baraza linapokea maandishi yanayosomeka tu," alisema Basili kwa masikitiko. "Na siku ni thelathini tangu kikao cha ukoo. Ukipitisha hapo, kikao ndicho kinachosimama."

Akarudi, akaandika tena kwa wino mzito. Zikaanguka. Binti yake mkubwa, Doris, aliyeuza mitumba sokoni Pasua, akaja akaandika kwa mkono wake mwenyewe, mama akimtajia. Zikaanguka vilevile. Lakini barua za Valerian kwa mnunuzi, alizoziandikia hapo uani, zilipita lango lile lile zimekamilika, na gazeti lililofungiwa sukari lilitoka na kuingia bila kupungua hata nukta.

Jirani yake Ndelilio, mjane wa miaka mingi, alikuja na kibakuli cha kisusio, supu ya damu ya mbuzi, akaziangalia zile herufi chini.

"Kwako ni A," alisema. "Kwangu ilikuwa sauti. Walipokaa kikao cha marehemu wangu nilipoteza sauti miezi mitatu. Iliporudi walikuwa wameshalima."

"Uliwaambia nini?"

"Nilikuwa nimesahau nilichotaka kusema. Kula, kitapoa."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Ndipo Epifania akakumbuka mchezo.

Kila Ijumaa, darasa la tano, alikuwa akiifungia herufi moja kabatini. Alifanya hivyo kwa mikono kabisa: anaishika hewani, anafungua kabati la chaki, anaitia ndani, anafunga. Kisha watoto waandike sentensi tatu bila herufi hiyo. Walianza na Z, ambayo kila mtoto aliiweza. Ikafuata K, wakatoa jasho. Mwisho wa muhula aliifungia A, na darasa zima likaweka kalamu chini, maana A ndiyo herufi iliyojaa kuliko zote katika Kiswahili. Ni Basili peke yake aliyewahi kuinua mkono. Alisoma: *Ng'ombe wetu ni mwekundu.* Epifania alimpa kalamu ya risasi mpya.

Sasa alifungua daftari, akachora mstari katikati. Upande mmoja maneno yaliyokufa, upande wa pili yaliyo hai.

Upande wa wafu ulijaa siku ya kwanza. *Kihamba* kilikufa, na *shamba*, na *ardhi*, na *nyumba*, na *mgomba*. *Kahawa* ilikufa mara tatu. *Haki* ilikufa, na *mahakama* pamoja nayo. *Mjane* alikufa, kwa hiyo hakuweza kusema yeye ni nani. Siku zote za wiki zilikufa, Jumamosi hadi Ijumaa. Miezi karibu yote ilikufa, lakini Mei na Juni zilipona, na kwa bahati ilikuwa Juni.

Halafu akagundua kwamba maneno ndiyo yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwenye viungo. *Na* haipo. *Ya, wa, cha, la, za, kwa*, hakuna hata kimoja, kwa hiyo kitu hakiwezi kuwa cha mtu. *Changu* hakipo, *chako* hakipo, *chake* hakipo. Vilipona *chetu* na *chenu* tu, na alivitazama akaviacha. Vitenzi vingi vilikwisha kwa A: kulima, kupanda, kuuza, kuzika. Wakati uliopo haukuwezekana kwa sababu ya *-na-*, wala ujao kwa sababu ya *-ta-*. Lililomkera zaidi ni kwamba nafsi ya tatu haiwezi kutenda chochote. *Alinunua, ameuza, wamekaa, wanataka*: yule anayetajwa pembeni daima huanza na A au WA. Katika barua hii Valerian hangeweza kufanya lolote. Angekuwa msafi kama malaika.

Siku mbili nzima alikasirika tu. Alimenya ndizi kwa hasira, akajikata kidole.

Siku ya tatu akaona mlango. Kama hawezi kumsema shemeji, atamsemesha. *Wewe* ni hai. *Ume-* ni hai. *Shemeji* lenyewe ni hai. Na vitenzi vya kutoka Uarabuni havina haja ya A mwishoni: kuishi, kurithi, kuruhusu, kudhulumu. Alipolifikia hilo la mwisho alilitamka kwa sauti, akihesabu irabu kwa vidole, akashukuru. Vitenzi vingine vilipona vikiambiwa kuomba badala ya kueleza: *kuuza* kimekufa, lakini *usiuze* kinatembea. *Kuzikwa* kimekufa, lakini *nizikwe* kinatembea. Vingine vilipona kwa kukanusha: *siombi, siondoki*. Alielewa kwamba bila A mtu hubaki na kuomba na kukataa, basi. Mibuni ilisimama badala ya kahawa, mji badala ya nyumba, udongo badala ya ardhi. Kwa kaburi hakupata neno, akaandika mwili uko udongoni.

Siku ya saba barua ilikuwa tayari:

*10 Juni 1996. Mwenyekiti. Nimeishi kwenye mji huu miongo minne. Mimi ndimi mke. Mume ni mfu. Mwili uko udongoni, penye mibuni. Mtoto ni mtoto. Binti ni mrithi vilevile. Shemeji, umenidhulumu. Usiuze mji huu. Mwenyekiti, nisikilize. Niruhusu niishi humu, nife humu, nizikwe humu. Siombi kingine.*

Jina lake halikuwezekana. Alipaka wino kidole gumba, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, akakikandamiza chini ya karatasi. Aliona haya, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

Alivuka lango polepole. Hakuhisi kitu miguuni.

Basili alipitisha kidole juu ya kila mstari, mara mbili, kama alivyofundishwa. "Hata moja, mwalimu," alisema. "Hata moja haikukuponyoka." Kwa kitambo kifupi wote wawili walifurahi kabisa, kisha akagonga muhuri.

Baraza lilikaa wiki iliyofuata, ukungu umeshuka mpaka madirishani. Basili alisoma barua kwa sauti. Iliposemwa *Shemeji, umenidhulumu*, Valerian alitazama viatu vyake. Mwenyekiti, mzee Antoni, aliiomba barua aishike mwenyewe.

"Imesomeka," alisema. "Imeeleweka. Mwalimu ameandika vizuri sana, na kwa taabu, tunaona. Valerian, una la kujibu?"

"Marehemu hakuacha kijana wa kiume," alisema Valerian.

"Ndivyo," alisema mzee Antoni, akairudisha barua ndani ya faili. Baraza likathibitisha kikao cha ukoo. Epifania alisubiri kama kuna jingine, na halikuwepo.

Jumapili baada ya misa Valerian alikuja nyumbani amevaa koti, ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga, anayeletewa sale anaombwa msamaha, na haruhusiwi kukataa, hata angekuwa ameuliwa mtoto. Doris, aliyekuwa amekuja kufunga vyombo, alisimama mlangoni.

"Mama, usipokee."

"Shemeji," alisema Valerian, "nimekuja kwa sale."

Epifania alilitazama lile jani. Lilikuwa limekatwa kwenye ua wake mwenyewe, pale langoni. Aliona kisiki kibichi kutoka alipokaa. Chuki ilimjaa. Alinyoosha mkono akapokea.

"Sasa tuandikiane kidogo," alisema Valerian, "mnunuzi asije akasumbua." Akatoa karatasi na kalamu, akamtajia, naye akaandika kwa mwandiko uliosifiwa tarafa nzima: *Mimi Epifania nimekubali kuhama kihamba cha marehemu mume wangu kwa hiari yangu.*

Kwa mazoea ya mwezi ule alizihesabu A zake alipomaliza. Zilikuwa kumi na tatu. Kwa mara ya kwanza alitumaini kwamba zitaanguka langoni.

"Nakusindikiza," alisema.

Walitembea pamoja hadi langoni, yeye nyuma kidogo, macho kwenye karatasi mkononi mwa shemeji yake. Valerian alivuka kati ya masale, akaaga, akashika njia ya kushuka. Epifania alimwita asimame, akaomba aione tena, ahakikishe jina. Valerian akaifunua bila kinyongo.

Zote kumi na tatu zilikuwepo, nyeusi, zimekauka vizuri. Jina lake lilikuwa zima.

Aliporudi alipitia fagio. Chini langoni palikuwa safi, lakini alipafagia.