Koma za Kamusi

Darasani walimwita Kamusi, na jina hilo lilimkaa kama kanzu iliyopimwa. Kiingereza chake kilitiririka, sauti yake haikujua kusitasita, na alipoingia shule ya lugha katikati ya kozi, aliruka ngazi mbili za Kijerumani kwa mtihani wa kuchagua a, b au c. Mtihani huo haukumdai aandike hata sentensi moja. Mambo ambayo wenzake waliyahangaikia mwanzoni yalimpita akiwa hayupo, naye hakuuliza. Kamusi amuulize nani?

Haikupita muda ukazuka utaratibu ambao mwalimu hakuujua. Kabla ya kazi kukusanywa, madaftari yalipitia kwanza mezani kwa Kamusi. Alikuwa na kalamu ya kijani. Alisahihisha viambishi, akapanga vitenzi, na kwa hayo aliwafaa kweli. Tatizo lilikuwa koma. Shuleni alikuwa amefundishwa Kiingereza, na Kiingereza hakiweki koma kabla ya “kwamba”, wala mara nyingi kabla ya “kwa sababu”; lakini ukianza na “Jumatatu”, unaweza kuipumzisha Jumatatu kwa koma kisha ukaendelea. Akayahamishia yote kwenye Kijerumani, kama mtu anayehama na kabati lake bila kuupima mlango wa nyumba mpya.

Aliyembishia alikuwa mmoja tu, Nesi, mama wa watoto wawili aliyefika darasani macho mekundu baada ya zamu.

“Mdogo wangu, mbona umenifutia koma hapa? Nakumbuka kabla ya *dass* lazima iwepo koma.”

“Dada, hebu soma kwa sauti.”

“*Ich hoffe dass Sie kommen*,” Nesi akasoma. Natumaini kwamba utakuja.

“Umevuta pumzi wapi?”

“Sijavuta.”

“Sasa koma ya nini?” Kamusi akawageukia wengine. “Jamani, dada yetu anazinyunyiza koma kama chumvi, akionja bado anaongeza!”

Mwenzao Fundi Umeme, ambaye hakuhitaji sababu kubwa ya kucheka, alipiga meza. Darasa zima likaangua kicheko. Nesi naye alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akalichukua daftari lake. Tangu siku hiyo hakubisha tena.

Ukaja mtihani wa majaribio. Kila mmoja aliandika barua ya kuomba radhi kwa jirani, kwa penseli, na matokeo yake ndiyo yangemwonyesha mwalimu majina ya kupeleka kwenye mtihani wenyewe. Usajili ulikuwa unafungwa mchana wa siku ya kurudishiwa karatasi.

Siku hiyo mwalimu aliingia bila salamu. Akaandika ubaoni:

*Ich kann nicht kommen weil mein Kind krank ist.* (Siwezi kuja kwa sababu mtoto wangu anaumwa.)

*Am Montag, habe ich einen Termin.* (Jumatatu nina miadi.)

*Die Frau die neben mir wohnt ist krank.* (Mwanamke anayeishi jirani nami anaumwa.)

“Kila mtu ana barua yake,” alisema. “Huyu kelele, yule maji yamevuja, mwingine mbwa. Lakini koma ni zile zile. Zimekosekana pale pale, zimezidi pale pale. Mtu mmoja akikosea, nasema hajaelewa. Darasa zima likikosea hivi, nasema kuna karatasi ya mfano imezunguka, na swali langu lilitoka ofisini kabla ya siku yake.”

Fundi akajaribu, “Mwalimu, labda ni hewa ya humu.”

“Kaa na hewa yako.” Mwalimu alichomoa karatasi moja akaiinua dirishani. “Hii ndiyo inayonisumbua. Koma zilikuwepo. Kabla ya *dass*, kabla ya *weil*, zote zimekaa vizuri. Kisha zimefutwa kwa raba, moja baada ya moja. Mtu anaandika sawa halafu anaharibu mwenyewe, kwa nini, kama si kufanana na nakala? Na mwenye ufunguo wa jengo hili asubuhi ni nani?”

Nesi alisimama. Ufunguo alipewa yeye, kwa kuwa alitoka kazini moja kwa moja akafika kabla ya wote.

“Sijaona nakala yoyote, mwalimu.”

“Nani alikwambia ufute?”

Nesi alitazama meza.

Kamusi alikuwa ameelewa tangu mstari wa kwanza ubaoni. Kila koma iliyokosekana pale ilikuwa na rangi ya kijani. Na hakuna aliyemtazama. Fundi alikagua kiatu chake. Waliokaa mbele waligeuza shingo zao kwenye ukuta usio na kitu. Darasa zima lilikuwa likifanya kazi ngumu ya kutomtazama, na laiti wangemnyooshea vidole, angalau angepata wa kumkasirikia.

“Mwalimu atapoa,” alijiambia. “Dada ni mtu mzima, atajieleza.”

“Basi jina lako halitakwenda,” mwalimu akasema. “Samahani, lakini halitakwenda.”

Wote walijua kuwa hospitali moja ya Ujerumani ilikuwa imemwahidi Nesi nafasi, na ilisubiri cheti tu. Hata hivyo hakumtaja mtu.

“Mimi,” Kamusi alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia. “Ni mimi, mwalimu. Hakuna nakala. Madaftari huwa yanapita kwangu. Mimi ndiye niliyewafutia koma.”

“Kwa sheria gani?”

“Ya… ya Kiingereza.”

Mwalimu akamnyooshea chaki. “Njoo ubaoni.”

Aliweka koma kabla ya *weil*.

“Kwa nini hapo? Umevuta pumzi?”

Mtu fulani nyuma alikohoa. Kumbe hata msemo huo wa Kamusi mwalimu alikuwa ameusikia mahali.

“Hapana. Ni kwa sababu… hapo inaanza sentensi ndogo inayoegemea ile kubwa. Kitenzi chake kimekwenda mwisho.”

“Pumzi haihusiki kabisa. Endelea.”

Aliifuta koma baada ya *Montag*. Maneno mawili ya kuonyesha siku si sentensi; hayana kitenzi chao. Kwenye mstari wa tatu aliweka koma kabla ya *die neben mir wohnt*, akarudi nyuma.

“Sentensi ndogo imeingia,” mwalimu alisema. “Itatokea wapi?”

Kamusi hakuona. Alisimama na chaki mkononi, mgongo wake ukiangaliwa sasa na kila jicho, mpaka Fundi akanong’ona kwa huruma iliyomchoma zaidi ya kicheko, “Baada ya *wohnt*.”

Akaiweka.

Mwalimu alichukua kalamu. “Majina yote yatakwenda. Na lako pia. Koma peke yake haimwangushi mtu. Nilitaka kumwangusha mtu kwa wizi, na wizi haukuwepo.” Akamgeukia Nesi. “Nisamehe, mama.”

Darasa lilipotoka, Kamusi alimfuata Nesi kwenye ngazi.

“Dada, nisamehe. Sikujua ile sheria.”

Nesi alisimama, mkono kwenye ukingo. “Kutojua si kitu, mdogo wangu. Hata mimi kuna mengi siyajui. Siku ile nilijua, nikasema, na ukanicheka mbele za watu. Nilirudi nyumbani nikaona aibu ya kitu nilichokuwa nakijua. Kwenye mtihani niliziandika, nikakisikia kile kicheko, nikazifuta.”

Kamusi alitaka kusema ulikuwa utani. Alitaka kusema hakukusudia.

“Nilikucheka,” alisema.

“Ndiyo.” Nesi aliupandisha mkoba begani. “Nimefurahi umelisema hilo. Kusamehe, nipe muda.”

Akashuka ngazi, na Kamusi akabaki palepale, akiwapisha wenzake waliokuwa wakishuka, kila mmoja akimwambia samahani kwa adabu.