Maneno ya Ubavuni mwa Chupa

Salima hakunywa pombe. Tulielewe hilo kwanza, maana Lindi ina midomo. Alikwenda harusini Rasbura, kwa dada wa rafiki yake Flora, akashika chupa ya Malti Nuru, kinywaji cha kimea ambacho hata mtoto wa chekechea anakunywa. Flora akampiga picha, akaiweka kwenye simu watu waione. Basi! Kabla ya adhuhuri ya kesho yake picha imeshafika Mchinga, kwa Bi Batuli, mama wa Hemedi aliyemposa, pamoja na maneno ya wapambe: mkweo mtarajiwa huyo, na bia mkononi.

Hemedi alipiga simu kwa upole, na upole ule ndio uliomkata Salima maini. "Mimi nakuamini. Ila nitumie picha inayoonekana vizuri, nimtulize mama."

Sasa aipate wapi? Alifanya kazi kwenye duka la Mzee Sherali, la kuchapa kadi, vikombe na kusafisha picha, kwa hiyo aliifungua kwenye kompyuta kubwa na kuivuta mpaka macho yakamuuma. Chupa ilikuwa ya kahawia, ya duara. Jina la kinywaji lilikuwa mbele. Yale maneno mawili ya kumwokoa, HAINA KILEVI, yalikuwa ubavuni, pale chupa inapogeuka kwenda nyuma, herufi zimebanana kama nyuzi. Hata angeapa, nani angezisoma?

Siku ya kwenda Mchinga kupanga tarehe ya ndoa ilikuwa imekaribia.

Akafuta maneno ya ubavuni, akayaandika upya katikati, chini ya jina. Yakakaa yamenyooka kama rula. Zeeshan, mjukuu wa Mzee Sherali, aliyekaa meza ya pili, akacheka.

"Dada, chupa yako imekuwa ubao."

"Zeeshan, usinitanie leo."

"Sikutanii. Mpiga picha alikuwa juu kidogo. Tazama ukingo wa chini wa lebo, unavyolegea katikati. Mstari wako nao ulegee hivyohivyo."

Salima akatumia zana ya kupinda. Wavu wa mistari ukatanda juu ya maneno. Akashika sehemu ya katikati, akaivuta chini taratibu mpaka mstari ukafuatana na lebo. Bado uongo ulionekana. Herufi za pembeni zilikuwa na upana uleule wa zile za katikati, na kwenye kitu cha duara haiwi hivyo. Akazibana, H upande huu na I upande ule, akazitia kivuli cha upande wa giza, akazififisha kidogo zilingane na picha. Zikakaa. Lahaula! Zilikaa mpaka yeye mwenyewe akaogopa.

Zeeshan hakucheka tena. "Kama kweli hukunywa, si useme tu?"

"Nimesema. Wanataka kuona."

"Lakini hicho watakachokiona hakikuwepo. Umekitengeneza."

"Maneno ni ya kweli!" Salima akafoka, akaituma kabla mkono haujasita. Hemedi akajibu kwa alama ya moyo.

Siku ya Mchinga alikwenda na shangazi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani." Bi Batuli alimkumbatia hasa, si kwa kujionyesha. Akaleta sinia, na juu yake chupa za Malti Nuru, zimetoka jasho la baridi.

"Mimi huyu," alisema Bi Batuli akicheka, "niliposikia maneno ya watu nikajiendea dukani. Nikaigeuzageuza chupa mpaka nikasoma mwenyewe, haina kilevi. Nikamwambia Hemedi, yaishe, mtoto wa watu anaonewa. Picha yako ilikuja baadaye, mimi nimeshamaliza."

Hemedi alikuwa ameshika chupa. Akaizungusha polepole, jina likaja mbele, maneno yakaenda ubavuni. Akaizungusha tena, maneno yakaja mbele, jina likapotea. Akatoa simu, akaitazama, akaitazama chupa.

"Salima. Mbona hapa kwenye picha vyote viko mbele?"

Shangazi hakuelewa. Bi Batuli alielewa. Kicheko kikamkauka usoni.

"Nili... hayakusomeka, Hemedi. Niliyasogeza tu. Ni yaleyale, si unayaona ni yaleyale?"

"Nayaona." Sauti yake ilikuwa na ule upole wa kwenye simu. Alitelezesha kidole kwenye kioo cha simu, akapita picha moja baada ya nyingine, zote alizowahi kutumiwa: Salima na mama yake, Salima kazini, Salima kajifunga ushungi siku ya Idi.

"Niambie basi," alisema, "na hizi, ipi ambayo hukusogeza kitu?"