Mstari wa Sababu

Mzee Waziri wa Msambweni alikuwa na lori moja, dereva mmoja, na imani haba kwa mafundi wa magari. Lori lilipogongagonga na kuzimika karibu na Ukunda, likiwa limejaa mbata za nazi, lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya fundi Kombe. Rai, dereva wake, akarudi Msambweni kutoa habari, na mzee akampa maagizo.

"Mwambie Kombe afungue, atazame, kisha aandike kabla hajatengeneza kitu. Aandike kilichoharibika, sababu yake, vifaa, ujira, na siku ya kumaliza. Likizuka jengine, asilifanye mpaka nijue."

Kesho yake Rai alimkuta Kombe ameshalivua bakuli la oili chini ya injini. Kiganjani mwa fundi mlikuwa na vipande vya chuma laini, vinang'aa.

"Injini ilikauka oili," alisema Kombe. "Metali zinazoshika krenki, mhimili wa injini, zimeyeyuka, na krenki yenyewe imekwaruzika. Lazima ivuke kivuko cha Likoni, ikachongwe Mombasa, kisha nitie metali za saizi mpya. Na bolti ya kumwagia oili haipo, imeanguka njiani. Nani alibadilisha oili mara ya mwisho?"

Rai alijua jibu. Ni yeye, Ijumaa iliyopita. Adhana ilimkuta chini ya lori. Akaikaza bolti kwa vidole, akakimbilia msikitini, na kurudi kuikaza kwa spana akasahau. Mzee Waziri alimfukuza dereva wa kwanza kwa kioo tu kilichovunjika. Injini nzima je?

Kombe aliandika taratibu kwa kalamu ya risasi. Alipofika penye sababu, Rai akamwinamia.

"Fundi, nakuomba, hapo paache wazi."

"Mwenye gari ameiuliza," alisema Kombe. "Na sahihi ni yangu, si yako." Akaandika, akatia sahihi, akampa.

Mzee Waziri alikuwa msomi kwa herufi za Kiarabu, na barua zake kwa jamaa ziliandikwa hati ya kupendeza. Herufi hizi za Kizungu ndizo hakupata kujifunza. Aliyemsomea alikuwa Rai, na ndipo shetani alipopata pa kukaa.

"Soma, mwanangu."

Rai akasoma: krenki kuchongwa, metali mpya, gasketi, oili, shilingi kadhaa za vifaa na kadhaa za ujira, siku kumi na mbili. Akafika kwenye mstari wa sababu. Macho yaliona bolti, ulimi ukasema pampu.

"Sababu: pampu ya oili imekufa kwa uzee."

"Mbona kwenye vifaa hukuitaja pampu?"

"Imo humo humo, mzee, pamoja na metali."

Uongo mmoja, na papo hapo ulishataka mwenziwe. Mzee aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akasema kazi iendelee.

Siku tisa Rai aliomba atumwe peke yake kuulizia kazi imefikia wapi. Siku ya kumi mzee akavaa viatu. "Twende sote. Nataka kuona kwa macho."

Njia nzima Rai alitafuta namna ya kumwahi fundi peke yake, lakini gerejini Kombe ndiye aliyetangulia kusema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Tupe habari ya gari."

Kombe alifuta mikono. "Krenki imerudi jana, imechongwa vizuri. Metali nimeshazitia, zimekaa. Leo nafunga bakuli, kesho kichwa cha injini na oili, kesho kutwa nawasha nisikilize. Siku zetu kumi na mbili zitatimia. Hakuna gharama iliyozidi."

"Alhamdulillahi. Na pampu mpya?"

Rai alimkonyeza fundi, lakini Kombe alikuwa akimtazama mwenye gari.

"Pampu gani, mzee? Pampu ni nzima, nimeipima. Sikuiandika."

Mzee Waziri aliitoa karatasi, akaikunjua, akampa Rai.

"Soma mstari wa sababu. Kidole kiwe juu ya neno."

Rai akakiweka kidole, akasoma: "Bolti ya kumwagia oili haikukazwa baada ya oili kubadilishwa. Oili ilimwagika njiani."

"Uliibadilisha wewe?"

"Mimi, mzee. Niliwahi sala ya Ijumaa. Niliogopa kukosa kazi. Nisamehe."

Hasira aliyoitarajia Rai haikuja. Usoni mwa mzee mlikuwa na hofu, na hofu hiyo ilimuuma Rai kuliko matusi.

"Bolti ningekusamehe," alisema. "Nani hajasahau? Lakini barua za mwanangu kutoka Tanga, anazoandika kwa herufi hizi hizi, miaka sita unanisomea wewe. Sasa niambie, Rai, zile salamu zake alizileta yeye?"

"Wallahi ni zake, mzee! Kila neno!"

Mzee Waziri aliichukua karatasi kutoka mkononi mwake, akampa fundi Kombe.

"Hebu nisomee wewe," alisema. "Toka mwanzo."