Jozi ya Kumi na Sita

Mwanangu alikuwa hajanisemesha kwa siku ishirini na sita, nami nilikuwa sijaomba msamaha, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi la kliniki kama watu waliokutana kwenye foleni. Mumewe alikuwa kazini, la sivyo nisingeitwa. Ujumbe wake ulikuwa na maneno matatu: Njoo saa tatu.

Kosa langu lilikuwa kabati. Nilimwomba anishikie upande mmoja tulisogeze, maana ukuta wangu unavuja. Sikujua ana mimba ya wiki kumi. Yeye alijua, akanyamaza, akashika. Kesho yake damu, mimba ikatoka. Tangu hapo nikipiga simu anapokea mkwe wangu: "Amelala, mama." Siku ishirini na sita amelala! Hata chatu huamka akala.

Tukaitwa. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Siku nyingine ningemuuliza kama mwalimu wake anajua alipo, lakini ulimi ulikuwa mzito. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu. Niliitazama feni ikizunguka bila kuleta upepo, nikaona tunafanana.

Akatuwekea karatasi mezani. Ilikuwa na vijiti vyeusi vyenye mistari, vimepangwa viwili viwili, kila kikundi na namba yake.

"Hizi ni kromosomu," akasema. "Ndizo zinazobeba maagizo ya kujenga mwili. Kila mtu ana jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi, moja ya mama, moja ya baba. Hizi mnazoziona ni za ile mimba."

Darasa la saba nilifika, kuhesabu najua. Nikapitisha kidole hadi kumi na sita.

"Hapa viko vitatu."

"Una macho, bibi."

"Ya kuazima. Endelea."

Mwanangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Iliharibika lini? Siku gani?"

"Kabla hujashika mimba," daktari akasema. "Yai likikaribia kutoka, kila jozi inatakiwa kuachana. Moja inabaki kwenye yai, nyingine inatupwa kwenye kijifuko kidogo ambacho hufa. Safari hii jozi ya kumi na sita haikuachana. Zote mbili zikabaki. Mbegu ya baba ikaja na yake, zikawa tatu, na kila seli iliyofuata ikanakili hizo tatu. Kwa namba hii, karibu mara zote kosa huwa kwenye yai."

"Na kubeba kitu kizito?"

"Kitu gani?"

"Kabati."

Nikaangalia viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na tope.

"Hata ungebeba nyumba," daktari akasema. "Ingetoka tu. Wapo watoto wanaozaliwa na kuishi na kromosomu ya ziada, kama ile ya ishirini na moja. Ya kumi na sita ikizidi kwenye kila seli, mimba haifiki."

"Kwa nini yai langu?"

"Bahati mbaya, na umri. Mayai yako yalianza kugawanyika ukiwa bado tumboni mwa mama yako, yakasimama katikati, kila moja likingoja zamu. Lile lilingoja miaka thelathini na tisa. Kinachozishikilia kromosomu mahali pake huchakaa. Hakuna aliyefanya kitu. Na mkitaka kujaribu tena, inawezekana kabisa ikawa salama."

"Tumboni mwangu mimi?" nikauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Basi andika, daktari. Na hilo nimefanya mimi."

Daktari akashtuka, akaanza kunieleza upya polepole kama anamweleza mtoto. Mwanangu hakucheka. Alikunja karatasi mara nne.

Kwenye ngazi akasimama. Nilingoja mzigo unishuke kifuani. Haukushuka. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia tu kwa sababu ni wako.

"Nilikuwa na hakika ni wewe," akasema.

"Najua."

"Ilikuwa rahisi, mama. Naamka nakukasirikia. Napika nakukasirikia. Sasa asubuhi nifanye nini?"

Nikampa jibu nililokuwa nalo. "Endelea kunikasirikia. Mimi sina kazi."

"Lakini hukufanya kitu."

"Mengine nimeyafanya. Tafuta, hutakosa. Ulipokuwa darasa la nne nilikunyoa kipara."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya kabati. Macho makavu, mekundu pembeni.

"Kile kipara," akasema.

"Kaa nacho mpaka mwisho wa mwezi. Ila nikipiga simu upokee mwenyewe, uniambie kwa mdomo wako."

Watu walikuwa wanatupita, mmoja akatuomba njia. Tukasogea ukutani.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi. Kabla hujanawa uso."