Soya ya Wakwe

Kalekye amewapikia mafundi wa mjengo pale Kangemi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha sahani. Kwa hiyo Jumapili ile, aliposimama jikoni kwake akitafuna kipande cha soya kilichomlegea mdomoni kama sponji ya kuoshea vyombo, aliona aibu hadi ya kujitazama kwenye kifuniko cha sufuria.

Wakwe walikuwa wanakuja saa saba. Ilikuwa saa nne.

Mama wa kijana anayemposa binti yake, Wamucii wa kule Kinoo, hajala nyama mwaka wa sita huu. Daktari alimkataza, kisha kanisa lake likamuunga mkono daktari. Sasa utampa nini mgeni wa namna hiyo siku ya kwanza anapokuja kujua nyumba ya binti wanayemtaka? Maharagwe? Mama mzima wa kijana umwekee maharagwe kama mwanafunzi wa bweni! Kalekye aliapa kwamba mgeni wake atapata kitu cha kutafuna mezani. Akanunua soya kavu, ile ya vipande, nusu kilo. Nusu yake aliichemsha moja kwa moja ndani ya mchuzi, maji yake yote akayaacha humo humo. Katika kibanda chake cha chakula, supu haimwagwi. Msaidizi anayemwaga supu kwa Kalekye hata sufuria haoshi tena, anaenda zake.

"Inanuka maharagwe mabichi," alisema binti yake, Mukonyo, huku ameziba pua.

"Ongeza mchuzi mix."

"Mum, umeweka mara tatu. Sasa ni sponji ya chumvi."

Hapo ndipo Ndegwa alipofika na kreti mbili za soda. Ndegwa ndiye bwana harusi mtarajiwa, kijana wa duka la simu kule mjini, mpole, mrefu kupita mlango. Aliweka kreti sebuleni akabaki hapo hapo, upande wa pili wa pazia la jikoni. Kwa Wakamba, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongei ana kwa ana. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yenyewe, na Kalekye, ambaye amesahau mambo mengi ya Kitui, hilo hajalisahau. Miezi minane amemjua Ndegwa kwa viatu tu, chini ya pazia.

Viatu vikasogea. Kikohozi kidogo kikasikika.

"Mukonyo," Ndegwa akasema, "hiyo soya mmemwaga maji yake ya kwanza?"

"Mum, anauliza kama tumemwaga maji ya kwanza."

Kalekye alikuwa amesikia vizuri sana. "Mwambie kwangu supu haimwagwi."

"Anasema supu haimwagwi."

"Mwambie hiyo si supu," sauti ikajibu kwa upole wa kuudhi. "Ile harufu yote ya maharagwe iko kwa hayo maji. Nikiwa chuo nilikula soya miaka miwili. Mwezi wa kwanza nililia."

Kalekye alitaka kukasirika, lakini saa ilikuwa inakwenda na mdomo wake bado ulikuwa na ladha ya sponji. Pakiti ya soya ilikuwa na nusu iliyobaki. Akatia soya mpya kwenye beseni, akamwagia maji yaliyochemka yenye chumvi, akafunika.

"Robo saa," pazia likaelekeza kupitia kwa Mukonyo. "Ikiwa laini mpaka katikati, amwage. Aoshe na maji baridi, akamue. Aoshe tena, akamue. Mpaka maji yatoke safi, bila povu."

Maji ya kwanza yalitoka ya manjano, na povu juu. Kuyamwaga kulimuuma Kalekye moyoni. Ya pili yalikuwa meupe meupe. Ya tatu yalitoka safi. Alikamua kwa nguvu zote za mwanamke aliyekanda unga wa chapati miaka kumi na tisa, mpaka vipande vikabaki vimekunjamana, vyepesi. Akanusa. Havikunuka chochote.

"Sasa vina kiu," Ndegwa alisema. "Akiviweka kwa mchuzi vikiwa vimejaa maji, viungo vitaingilia wapi? Vinywe kwanza."

Hilo Kalekye alilielewa bila kutafsiriwa. Alisaga kitunguu saumu na tangawizi, akakamua ndimu, akatia sosi ya soya, pilipili manga na mafuta kidogo, akachanganya kwa mikono, kisha akaviacha nusu saa. Vilikunywa mpaka beseni likakauka. Akavikaanga kidogo kidogo kwenye mafuta moto, bila kuvirundika, hadi kingo zikawa za kahawia na kuanza kulia zikigeuzwa. Kitunguu na nyanya alivipika kando mpaka vikawa rojo nzito, ndipo akavirudisha vipande, akatia maji ya moto nusu kikombe tu, na dhania.

Alionja. Akaonja tena, mara hii bila sababu.

"Mwambie," alimwambia binti yake, "mwambie ni sawa." Kwa Kalekye hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Saa saba wakwe wakafika. Wazee walikaa nje chini ya turubai pamoja na Ndegwa. Akina mama waliingia ndani. Wamucii, mama mnene wa kitambaa cha buluu, alisalimia vizuri, akaomba chakula kibarikiwe, akachukua kipande, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaweka sahani mezani taratibu.

"Mama Mukonyo," alisema, "mimi nilituma neno kwamba sili nyama."

Kalekye aliitazama sahani, kisha akamtazama binti yake.

"Ni soya, mama," Mukonyo alimwambia mgeni.

"Soya naijua, mtoto wangu. Nilipikiwa kanisani, nikaitema kwa tishu. Hii ni ng'ombe." Macho yake yalikuwa yameanza kulowa, hakuwa mgomvi, alikuwa ameumia. "Mngeniambia tu hamna kitu kingine. Ningekula mkate."

Sasa Kalekye afanye nini? Akiapa, ataonekana anaapia uongo. Bintiye hawezi kuwa shahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu katika nyumba ile, na Kalekye hakuwahi kumwita jina.

Alisimama, akaenda mlangoni, na mbele ya wazee wote akaita: "Ndegwa! Kuja ndani."

Nje wazee wakageuza shingo. Ndegwa aliingia ameinamisha kichwa, macho sakafuni.

"Niangalie," Kalekye akasema. "Mwambie mama yako hiki ni nini."

Ndegwa akaeleza: maji ya chumvi, kukamua mara tatu, ndimu, tangawizi, yote. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kinywa wazi.

"Kumbe unajua kupika!" Wamucii alisema. "Miaka yote kwangu hata yai hujachemsha, halafu unakuja kumfundisha mama wa watu!"

Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka kitambaa kikateleza, na akina mama wengine wakaangua kicheko naye. Kisha akavuta sahani yake, akala yote, akaisukuma mbele ya Kalekye ijazwe tena.

Kalekye aliijaza. Ndegwa alikuwa anarudi nyuma polepole kuelekea mlangoni. Kalekye akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kijana wa masikio makubwa na jasho puani, akachukua sahani ya pili na kuipakua hadi ukingoni.

"Kaa hapa," alimwambia. "Leo utakula nikikuona."