Plagi ya Duara

Jioni ile mvua iliingia ndani ya chaja ya ukutani. Kaka mtu, fundi umeme, akaizima na kuifungua kifuniko.

"Hii leo haichaji gari," alimwambia dada yake, dereva wa teksi. "Mpaka ikauke niibadilishe swichi. Chomeka kwenye soketi ya jikoni."

Dereva alishusha pumzi. Gari lake la umeme, alilolinunua likiwa limeshatumika, lilirudi na asilimia kumi na tano tu. Chaja ya ukutani ingelijaza kabla hakujakucha, maana ilikuwa inaingiza karibu kilowati saba. Soketi ya kawaida inatoa mbili, na sehemu yake inapotelea njiani.

"Na usiunganishe waya wa kurefusha," kaka aliongeza. "Utayeyuka, tuanze kutafutana."

Alfajiri gari lilisoma hamsini na tano. Dereva aliigusa plagi. Ilikuwa vuguvugu, si ya moto. Akashukuru, lakini roho haikutulia. Hospitali alikotakiwa kumpeleka shangazi yake ilikuwa kilomita mia na hamsini, na chaji ile ingemfikisha mia na thelathini akiendesha kwa adabu.

Shangazi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kanga mpya, mkoba mapajani. Mumewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho baada ya miaka mingi ya ukungu uliogeuka giza. Bandeji ingeondolewa mchana huo, na shangazi alikuwa ameahidi kwamba sura ya kwanza atakayoiona itakuwa yake.

"Tutapita kituo cha chaja ya haraka," dereva alisema. "Robo saa tu, tunaondoka."

"Wewe ndiye dereva, mwanangu. Mimi ni mzigo."

Kituoni mashine ilikuwa moja, kubwa kama kabati, yenye nyaya mbili. Waya wa kwanza ulikuwa umechomekwa kwenye gari jeupe la mwanamume aliyekuwa akinywa chai kwenye kikombe cha chupa yake. Waya wa pili, wenye plagi nene ya duara, ulikuwa umefungwa utepe mwekundu: mbovu.

Dereva alisimama akiutazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umebadilishwa kitasa.

"Mimi niko tayari kuchomoa," mwanamume alisema kwa upole. "Nimefika themanini na tano, hapa inajikokota tu. Mwanzo ilikuwa inamimina, sasa inadondosha."

"Ahsante, lakini wako haunifai." Dereva alifungua mdomo wa kuchajia wa gari lake, akamwonyesha. "Wako ni huu wa siku hizi, una matundu mawili makubwa chini. Langu ni la zamani, linataka ile plagi ya duara."

"Si umeme ni umeme?" shangazi aliuliza dirishani.

"Umeme ni mmoja, shangazi. Midomo ndiyo tofauti."

Pembeni palikuwa na nguzo fupi ya umeme wa taratibu. Dereva alitoa kebo yake kwenye buti, akachomeka. Nguzo iliandikwa kilowati ishirini na mbili, lakini skrini ya gari ikaonyesha sita na nusu.

"Mbona kidogo?" mwanamume alishangaa.

"Hapa gari ndilo linalopima kijiko, si nguzo. Chaja ya ndani ya hili haimezi zaidi." Akapiga hesabu. Alikuwa na asilimia ishirini na mbili. Alihitaji arobaini na tano ili afike bila kuomba Mungu kila kilima. "Saa moja na nusu," alisema, na sauti ikamshuka.

Mwanamume aliweka kikombe. "Mimi naelekea hukohuko. Mama naweza kumbeba."

Dereva aliona hilo ndilo la busara. "Nenda naye, shangazi. Utamwahi."

Shangazi alimtazama mwanamume kwa heshima, kisha akacheka. "Mume wangu afunguliwe macho, kitu cha kwanza aone nashuka kwenye gari la mwanamume mwingine? Baba, Mungu akubariki, lakini hapana. Nipe simu, mwanangu."

Muuguzi alipokea, akasema daktari yuko wodini tayari, hawezi kusubiri sana. Akampa mgonjwa simu.

"Uko wapi?" sauti ya mzee ilisikika.

"Nipo barabarani. Gari linakula polepole. Waambie wakufungue, nitakukuta unaona."

Kisha wakamsikia akisema na mtu pembeni: "Daktari, anza na wenzangu. Mimi giza nimelizoea, haliniumi."

Shangazi alirudisha simu, akajifuta shavu kwa upindo wa kanga. Dereva akakaa karibu naye, mlango wazi, wakitazama namba zikipanda mojamoja.

Walipofika wodini, mzee alikuwa wa mwisho, amekaa wima kitandani. Daktari aliibandua bandeji taratibu. Mzee akapepesa, akamkazia macho mkewe kwa muda mrefu.

"Mbona umezeeka hivi?" alisema.

"Na wewe hujajiona," shangazi akajibu, akamshika mkono.