Miwani ya Mwalimu Elisha

Matanga yalipokwisha, viti na meza ndogo vilirudishwa sebuleni. Elizabeti alirundika mezani kila alichoacha mumewe, Mwalimu Elisha: picha tano, rundo la vitabu, kinyago kirefu cha mpingo, na miwani ikiwa wazi vilevile alivyoiacha.

"Wifi, hii ni meza au mnada?" aliuliza Veneranda, dada wa marehemu. "Mgeni ataweka wapi kikombe?"

Elizabeti alicheka kidogo, kisha akalia. Akaondoa vyote, aanze upya. Kinyago alikiweka pembeni, kisimzibe aliyeketi ng'ambo ya meza. Upande wa pili alilaza vitabu vitatu vipana, ili macho yasielemee kwenye kinyago peke yake. Mbele akasimamisha picha moja fupi. Nne zilizobaki alizifunga kwenye kanga, na kila moja ilimchukua muda.

Ikabaki miwani. Aliiweka juu ya vitabu, lakini ikayumba, mikono yake ikining'inia ukingoni.

"Ikunje, wifi, itulie."

"Nikiikunja nitakuwa nimekubali."

 Veneranda alimshika bega.

Elizabeti alikunja mkono mmoja wa miwani, akangoja kwa muda mrefu, kisha akakunja wa pili.